Mnunuzi wa jumla haulizi faida za korosho

Wiki iliyopita nilikaa na dada mmoja anayebangua korosho hapa Mtwara, nikaondoka na hasira ambayo hadi leo haijaisha. Alikuwa amemlipa kijana amwandikie makala, akaandikiwa "Faida 10 za korosho mwilini". Waliosoma ni maelfu. Aliyeuliza mzigo, hakuna hata mmoja. Bado kijana anasisitiza kwamba makala imefanya vizuri.

Haikufanya vizuri. Anayetafuta faida za korosho mwilini atanunua pakiti moja ya kutafuna njiani. Mwenye hoteli au kiwanda cha biskuti anazijua korosho tangu zamani. Kinachomzuia kuagiza ni hofu ya kulipia daraja moja akaletewa jingine. Makala ya kumfikia huyo ianzie kwenye hofu hiyo.

Tukakaa barazani tukaandika upya. Tulianza na W320, daraja analolitaja kila mtu na wachache wanaoweza kulihakiki. Namba hiyo inahesabu korosho nzima zilizomo kwenye ratili moja: zisipungue 300, zisizidi 320. Basi tukamwelekeza mnunuzi achote gramu 454 kwenye sampuli, azimwage mezani, azihesabu. Zikifika 350, ameletewa korosho ndogo kuliko alizolipia. Dada alisita: "Kaka, si ndiyo nawafundisha kunikagua?" Ndiyo. Anayekupa mizani umkague ndiye unayemwamini kumtumia hela.

Kisha tukaandika jambo lililomuuma zaidi: mwoka keki asinunue nzima, kwa kuwa atazikatakata mwenyewe. Achukue vipande, bei yake iko chini. Chini kabisa tukaweka maswali manne tu: daraja, kilo, mji, na lini unahitaji. Hapo hapo kuna kiungo cha kufungua WhatsApp chenye ujumbe ulioandikwa tayari, na kila makala ina ujumbe wake:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Nimesoma%20mwongozo%20wa%20vipande
```

Ujumbe ukiingia, dada anajua umetoka makala ipi. Anauandika kwenye daftari: nani ameuliza, nani ameomba sampuli, nani amelipa. Makala yenye maulizo mengi yasiyofika kwenye sampuli ina kasoro, mara nyingi ni kwa sababu haikutaja kiwango cha chini cha oda, ndiyo maana wanaotaka nusu kilo wanajaa.

Nakubali, wenye kuuza pakiti za rejareja wana haki ya kutafuta watazamaji wengi. Dada huyu hauzi pakiti.

Mwongozo mpya umesomwa na watu wachache sana, kijana ameshaniambia. Juzi usiku dada alinitumia picha ya simu yake: "Nimesoma mwongozo wa vipande. Nahitaji kilo 50 kila mwezi, Dodoma, kuanzia mwezi ujao. Sampuli mnatuma kwa basi?" Asubuhi alikuwa stendi na bahasha ya nusu kilo, ameipima mara mbili.