Miguu ya Purusha: ubeti mmoja na matabaka manne

«Nimeambiwa Wahindu wana wimbo wa kale unaosema watu wengine walitoka kinywani na wengine miguuni. Je, hapo ndipo matabaka yao yalipoanzia?»

Wimbo huo upo. Ni wa 90 katika kitabu cha 10 cha Rigveda, mkusanyiko wa kale kabisa wa nyimbo takatifu za Wahindu, una beti 16, na jina lake ni Purusha Sukta. Wataalamu wengi wanaona kitabu hicho cha kumi kina nyimbo zilizoingia mwishoni mwa kipindi cha kutungwa kwa Rigveda, miaka kama elfu moja Kabla ya Kristo. Lakini anayeuendea akitafuta habari za matabaka tu atashangaa, kwa sababu matabaka yametajwa katika ubeti mmoja, wa 12. Zinazobaki zinazungumzia kafara.

Purusha ni kiumbe mwenye vichwa elfu, macho elfu na miguu elfu. Ameifunika dunia pande zote, na bado akaizidi kwa upana wa vidole kumi. Robo yake ndiyo viumbe vyote; robo tatu ziko juu, hazifi. Miungu wakamtoa kafara: wakamlaza juu ya nyasi za ibada na kumnyunyizia, kama anavyofanyiwa mnyama wa sadaka. Majira ya kuchipua yakawa samli, kiangazi kikawa kuni, na majira yanayofuata mvua yakawa sadaka yenyewe. Samli iliyoganda kutokana na kafara hiyo ikakusanywa, nayo ikazaa ndege, wanyama wa porini na wa kufugwa. Tenzi za Veda zikazaliwa humo humo, pamoja na farasi, ng'ombe, mbuzi na kondoo.

Ubeti wa 11 unauliza: walipomgawa Purusha, kinywa chake kinaitwaje, mikono yake, mapaja yake, miguu yake? Jibu linafuata. Brahmana, yaani kuhani, alikuwa kinywa chake. Mikono ikafanywa rajanya, yaani mtawala na mpiganaji. Mapaja yake ndiyo vaishya, mkulima na mfanyabiashara. Na kutoka miguuni, kwa Kisanskriti padbhyam, akazaliwa shudra, mtumishi.

Tusome polepole hapo, maana sarufi ina neno. Watatu wa kwanza wanalinganishwa na kiungo chenyewe: huyu ni kinywa, yule ni mikono, yule ni mapaja. Wa nne peke yake hakuambiwa kuwa ni miguu. Ameambiwa alizaliwa kutoka miguuni. Wako wanaosema hiyo ni mizani ya shairi tu, na huenda ni kweli. Hata hivyo mshairi aliyetaka kumweka shudra sawasawa na wenzake alikuwa na nafasi ya kufanya hivyo.

Wanaoutetea wimbo wana hoja yenye nguvu kuliko zote, na haihitaji kwenda mbali: ni beti mbili tu mbele. Ubeti wa 14 unasema anga la kati lilitoka kitovuni, mbingu kichwani, pande za dunia masikioni, na ardhi, kwa neno lile lile padbhyam, ikatoka miguuni. Kama kutoka miguuni ni aibu, basi ardhi tunayoilima imeaibishwa. Tena wanaongeza kwamba hakuna mahali wimbo unapotaja nani asioe wapi, nani asiguswe, wala nani arithi kazi ya baba yake. Neno shudra halionekani mahali pengine popote katika Rigveda yote yenye nyimbo 1028. Na katika kitabu cha 9, wimbo wa 112, mtunzi anajieleza bila haya: yeye ni mshairi, baba yake mganga, mama yake anasaga nafaka. Nyumba moja, kazi tatu.

Mimi naikubali hoja ya ardhi, ila naona haifiki mwisho. Angalieni mpangilio. Beti za 13 na 14 zinaruka ovyo mwilini: mwezi kutoka akilini, jua jichoni, miungu Indra na Agni kinywani, upepo katika pumzi, kisha kitovu, kichwa, miguu, sikio. Hakuna ngazi. Ubeti wa 12, pamoja na swali lililoutangulia, ndio pekee unaoshuka kwa utaratibu, kinywa, mikono, mapaja, miguu, kama mtu anayeshuka ngazi. Mshairi aliyeyataja maumbile kiholela hakuwataja watu kiholela.

Bado, mwanzoni picha haikuwa imekaza. Indra, mfalme wa vita, ametoka kinywani pamoja na Agni, mungu wa moto, wakati wapiganaji wako mikononi. Waliokuja baadaye waliliona pengo hilo wakaliziba. Katika Taittiriya Samhita, moja ya vitabu vya Yajurveda, Veda ya maneno ya kafara, hadithi inasimuliwa upya na muumbaji ni Prajapati. Kinywani wanatoka pamoja Agni, brahmana na mbuzi. Kifuani na mikononi wanatoka Indra, rajanya na kondoo. Katikati ya mwili wanatoka miungu wote kwa pamoja, vaishya na ng'ombe. Miguuni wanatoka shudra na farasi, na hapo hakuna mungu hata mmoja. Kitabu kinatoa hukumu papo hapo: kwa kuwa hakuna mungu aliyeumbwa naye, shudra hafai kwa kafara.

Ardhi imeondolewa miguuni. Lile jambo lililowalinda watetezi wa wimbo ndilo lililofutwa, na kilichobaki ni daraja tupu. Kwangu mimi hapa ndipo mgogoro unapoamuliwa: wimbo haukutoa amri, ila uliacha picha ambayo makuhani waliweza kuigeuza amri kwa kupunguza kitu kimoja na kuongeza kingine. Sheria za Manu, au Manusmriti, karne nyingi baadaye, zinaanza kwa picha hiyo hiyo na kumpa shudra kazi moja, kuwatumikia wale watatu bila kinyongo. Humo humo imeandikwa kwamba shudra akiwatukana kwa maneno makali akatwe ulimi, na sababu iliyotolewa ni kuzaliwa kwake chini. Miguu ya Purusha imekuwa ushahidi mahakamani.

B. R. Ambedkar, mwanasheria wa India aliyezaliwa katika jamii ya Wamahar waliohesabiwa kuwa wasioguswa, alishiriki kuichoma Manusmriti hadharani huko Mahad tarehe 25 Desemba 1927. Mwaka 1946, alipoandika juu ya mashudra, alianza na wimbo huu. Lawama yake ilikuwa nzito kuliko ile ya kwamba shudra ametukanwa. Jamii nyingi zimekuwa na tabaka la makuhani, la wapiganaji na la wafanyakazi. Wimbo huu, alisema, umechukua hali iliyokuwapo na kuitangaza kuwa ndiyo inayopaswa kuwapo, tena takatifu. Namuunga mkono hapo. Jua na mwezi vikizaliwa katika kafara ile ile iliyomzaa shudra, anayetaka kubadilisha hali ya shudra anaonekana kama anayetaka kuhamisha jua.

Dayananda Saraswati, mwanzilishi wa Arya Samaj, chama ambacho Wahindu wa Nairobi nao walikianzisha huko mwanzoni mwa karne ya 20, aliusoma ubeti huo kwa njia nyingine: Mungu hana mwili, kwa hiyo kinywa na miguu ni mfano wa kazi na sifa za mtu, si wa ukoo wake. Ni usomaji wenye huruma, na maneno ya Rigveda yenyewe yanauvumilia. Tabu ni kwamba ulichelewa. Gautama, katika moja ya vitabu vya kale kabisa vya sheria za Kihindu, alikuwa ameshaandika kwamba shudra anayesikiliza Veda kwa makusudi amiminiwe masikioni bati na lakiri zilizoyeyushwa. Kwa kanuni hiyo, aliyetajwa kuzaliwa ndani ya kafara hakuruhusiwa hata kuusikia ubeti unaomtaja.