Direct iliyopanda kwa siku moja: ni WhatsApp au ni taka?

"Tovuti yetu ni ya habari za mtaa tu. Juzi Direct imepanda mara nne kwa siku moja na hatujatangaza popote. Mhariri anasema ni magrupu ya WhatsApp, fundi wetu anasema Direct ni debe la taka na tusiiguse kwenye ripoti. Tumwamini nani?"

Kila mmoja ameshika kipande cha kweli, ila mhariri anadai zaidi ya anachokijua, na fundi anamwaga mchele pamoja na chuya. Direct ni kapu ambamo Google Analytics, kipimo cha wageni wa tovuti, huweka ziara zisizosema zimetoka wapi. Tuanzie mlangoni.

Mtu akibofya linki iliyo kwenye ukurasa wa wavuti, kivinjari chake hufika kwenye seva yako na kusema kimetokea wapi. Husema hivyo kwenye mstari unaoitwa Referer (neno lenyewe limekosewa tahajia tangu miaka ya tisini, na hakuna aliyejisumbua kulirekebisha):

```
GET /ratiba-ya-maji HTTP/1.1
Host: gazeti.example
Referer: https://www.facebook.com/
```

Linki iliyo kwenye WhatsApp haikai kwenye ukurasa wowote. Imo ndani ya programu ya simu. Ukiigusa, programu inaiomba simu ifungue anwani hiyo, simu inaamsha Chrome au Safari, na kivinjari kinaanza safari bila kuwa na mahali kilipotoka. Mstari wa Referer haupo. Google Analytics isipoukuta, na isipokuta alama yoyote kwenye anwani yenyewe, huandika `(direct) / (none)`, yaani mgeni hakusema ametoka wapi. Aliyeandika anwani kwa mkono, aliyebofya linki kwenye faili la PDF na aliyepiga picha msimbo wa QR ukutani, wote huingizwa kapu hilo hilo.

Wengi hudhani sababu ni ule usimbaji wa WhatsApp unaoficha mazungumzo. Haihusiani. SMS ya kawaida haina usimbaji wa namna hiyo, na linki iliyotumwa kwa SMS hufika bila Referer vilevile.

Kwamba magrupu yanajificha humo hakuna ubishi. Mwaka 2023 kampuni ya SparkToro ilifanya jaribio: walituma linki kwenye mitandao mbalimbali, wakazibofya kwa kukusudia, kisha wakatazama kipimo kinasema nini. Ziara zote zilizotoka WhatsApp ziliandikwa Direct, asilimia 100. Za Messenger ya Facebook zilizopoteza asili zilikuwa asilimia 75. Hapo mhariri ana haki ya kutabasamu.

Hata hoja nyingine inayomsaidia ina umri. Oktoba 2012 Alexis Madrigal, mwandishi wa jarida la Marekani The Atlantic, aliandika jinsi kampuni ya takwimu za wavuti ya Chartbeat ilivyoigawa Direct mafungu mawili: walioingilia ukurasa wa mbele na walioingilia kurasa zenye anwani ndefu. Ukurasa wa mbele mtu anaweza kuuandika kwa mkono. Anwani yenye maneno kumi na vistari katikati haandiki mtu. Lazima kuna aliyemtumia. Mgawanyo huo bado ndiyo hatua ya kwanza ya maana, na kwenye Google Analytics ni kazi ya dakika moja: chuja Direct peke yake, kisha ipange kwa `Landing page`.

Mhariri anapoteleza ni pale anaposema "aliyetumiwa" na kumaanisha "aliyetumiwa kwa WhatsApp". Fundi anayajua mengine yanayoingilia mlango huo: roboti zinazosoma kurasa zikijifanya watu, linki zinazopitia anwani fupi iliyowekwa vibaya na kupoteza Referer njiani, barua pepe iliyofunguliwa kwenye programu ya simu. Roboti hasa ndizo huharibu hesabu, kwa sababu nazo hupenda anwani ndefu. Ukiona ziara kutoka Ashburn, mji wa Virginia uliojaa vituo vya data, na muda wa kusoma ni sekunde sifuri, usitafute kabila la msomaji huyo.

Sasa tuifanyie kazi siku moja. Tarakimu hizi ni za mfano, nimezichagua ili hesabu ifuatike. Tuseme ni tovuti ya Dar es Salaam iliyotoa ratiba ya mgao wa maji kwa kata kadhaa. Siku za kawaida Direct huwa ziara 600. Siku ya ratiba ni 2,400. Ukurasa wa mbele umechukua 500, ambazo hazishangazi mtu. Kurasa nyingine za zamani zimegawana 120. Ukurasa wa ratiba peke yake una 1,780.

Katika hizo 1,780 tunatoa kwanza 210 za miji ya vituo vya data zisizo na hata sekunde moja ya kusoma. Zinabaki 1,570. Kati yake 1,480 ni za simu na 90 za kompyuta. Za kompyuta huenda ni WhatsApp iliyofunguliwa ofisini, huenda ni barua pepe, nitaziacha pembeni. Umbo la saa nalo linasema kitu: linki iliyoingia grupu huleta mwinuko mkali wa dakika chache, kisha hushuka, kisha hupanda tena ikifika grupu jingine. Grafu ya siku hiyo ina meno kama msumeno kuanzia saa 12 asubuhi, watu wakiamka na kuuliza kama maji yatatoka. Kwa fundi, hata hivyo, meno ya msumeno bado ni dalili tu.

Ushahidi mzito zaidi uko kwake mwenyewe, kwenye logi za seva, daftari la kila ombi lililofika, na mara nyingi hakuna anayeufungua. Mtu akibandika linki kwenye WhatsApp, ile kadi ndogo yenye picha na kichwa cha habari hutengenezwa na simu yake mwenyewe. Simu hiyo huja kwenye seva yako kuchukua maelezo, na hujitaja jina:

```
"GET /ratiba-ya-maji HTTP/1.1" 200 "-" "WhatsApp/2.23.20.0 A"
```

Google Analytics haioni mstari huu, kwa kuwa hutegemea JavaScript kuhesabu, na simu inapotengeneza kadi haiendeshi JavaScript. Kuihesabu ni hivi:

```
grep '/ratiba-ya-maji' access.log | grep -c '"WhatsApp/'
```

Hesabu anwani ya ukurasa pekee, maana picha ya kadi huombwa kando na ingekuzidishia idadi. Aliyepokea hatengenezi kadi tena, wala anayefowadi kwa kawaida hatengenezi. Kadi husafiri na ujumbe. Kwa hiyo namba unayoipata inakaribia idadi ya watu walioibandika linki kwa mikono yao. Telegram haifanyi hivi: kadi yake hutengenezwa na seva za Telegram na kuhifadhiwa, kwa hiyo linki ikisambaa kwa maelfu huko, wewe huenda ukaona mstari mmoja au miwili.

Tuseme logi imetoa 96. Tovuti hii pia ina kitufe cha kushiriki kinachotia alama kwenye anwani:

```
?utm_source=whatsapp&utm_medium=social
```

Katika mistari 96, yenye alama hiyo ni 11 tu. Iliyobaki, 85, ni watu waliokopi anwani wenyewe, na ndivyo tunavyofanya karibu sote. Google Analytics inaonyesha ziara 140 zilizokuja na alama. Yaani kila linki iliyobandikwa kwa kitufe ilileta wastani wa ziara 13 hivi, kwa usahihi zaidi 12.7. Kama zile 85 zilifanya kazi sawa, zilileta ziara zipatazo 1,080.

Hapo tuna njia mbili ambazo hazikutegemeana. Ya kuchuja Direct imetupa 1,480. Ya kuhesabu kadi imetupa 1,080. Ukiongeza 140 za alama kwa kila moja, unapata kati ya takriban 1,220 na 1,620. Zingetofautiana mara tano, ningesema fundi ameshinda, kuna roboti au kampeni ambayo hatuijui. Zimekaribiana, kwa hiyo sehemu kubwa ya ongezeko ni mazungumzo ya watu, na pengo linaweza kujazwa na SMS, Telegram na grupu moja kubwa. Grupu la WhatsApp hubeba hadi watu 1,024, hivyo linki moja iliyoangukia humo inatosha kuvuruga wastani wowote.

Njia ya kadi ina mashimo yake. Kadi hutengenezwa hata na mtu aliyebandika kisha akafuta kabla ya kutuma. Tovuti ikiwa nyuma ya huduma ya kache, inayotoa nakala za kurasa badala ya seva yako, maombi mengi huishia huko na logi yako itapungukiwa. Itabidi uombe logi za kache yenyewe. Tena wanaopenda kitufe huenda wana magrupu madogo kuliko wanaokopi. Ndiyo maana natoa masafa, sitoi namba moja.

Kuna jambo ambalo wote wawili wamelisahau: WhatsApp nyingine haimo kabisa kwenye Direct. Msomaji aliyekuja kupitia Google wiki iliyopita, leo akabofya linki ya grupu, ripoti ya ziara itamwandika tena kwa jina la Google, kwa kuwa Direct haiwezi kufuta chanzo kilichojulikana kabla yake. Na ukituma jarida la barua pepe lenye linki za `utm_medium=email`, mpokeaji mmoja akikopi anwani hiyo na mkia wake wote akaitupa kwenye grupu la wazazi, wazazi wote watahesabiwa kuwa wameletwa na barua pepe. Nimewahi kuona jarida likisifiwa kikaoni kwa ziara zilizozidi idadi ya waliolipokea mara kadhaa, na hakuna aliyeuliza zimetoka wapi.

Wapo wanaotaka kumaliza ubishi kwa kumpa kila msomaji anwani yenye alama yake binafsi, ili ionekane nani amempelekea nani. Kiufundi inawezekana. Mimi siifanyi; ratiba ya maji haihitaji kujua shangazi wa nani aliipeleka kwenye kikoba gani.

Kwenye ripoti ya mwezi ningeandika mstari mmoja wa ziada chini ya Direct: "Ujumbe binafsi, makadirio: 1,220 hadi 1,620, ukurasa wa ratiba." Neno WhatsApp ningeliweka kwenye zile 140 peke yake. Na fundi ningemwomba jambo moja, aache kufuta logi za seva kila baada ya siku saba.