Antena ya Ndani au ya Nje? Uulizwe Mstari wa Ubora

Kila ninapotembelea nyumba ambayo picha ya runinga inagandaganda, naonyeshwa jambo lile lile: antena ndogo ya ndani, bapa au yenye masikio mawili, imewekwa juu ya kabati, na kando yake kuna busta ya kukuza mawimbi iliyochomekwa ukutani. Mwenyeji huniambia kwamba tatizo ni busta kukosa nguvu, na kwamba ameshauriwa anunue kubwa zaidi. Mimi nadhani ushauri huo ni mbaya, na runinga yenyewe inaweza kumthibitishia hivyo kabla hajatoa shilingi mfukoni, kwa kuwa ndani yake kuna kipimo ambacho wengi wetu hatujawahi kukifungua.

Nitaeleza kwa kutumia nyumba yangu iliyoko Kitengela. Mawimbi ya runinga ya kidijitali yanayohudumia Nairobi na viunga vyake hurushwa kutoka Limuru, mahali palipo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo hadi Westlands ni kilomita 25 hivi, ilhali hadi kwangu ni kama kilomita 53, upande wa kaskazini magharibi. Nyumba ni ya ghorofa moja tu, kuta ni za mawe na paa ni la mabati. Mabati hayapitishi mawimbi hata kidogo, huyarudisha yalikotoka. Ukuta wa mawe huyapitisha, lakini huyanyang'anya sehemu kubwa ya nguvu. Kwa hiyo antena iliyo sebuleni hupata mabaki yanayopenya dirishani pamoja na yale yaliyogonga ukuta wa jirani na kurudi.

Enzi za analojia, mabaki kama hayo yalionekana wazi, kwani picha ilijaa chenga na vivuli, nasi tuliweza kuzungusha antena huku tukitazama picha ikisafika kidogo kidogo. Mfumo wa kidijitali wa DVB-T2 tunaoutumia sasa haufanyi hivyo. Picha hubaki safi kabisa mpaka mawimbi yaharibike kupita kiasi ambacho kipokezi kinaweza kurekebisha, kisha hukatika ghafla. Picha nzuri ya saa nane mchana haikuambii kama umebakiwa na akiba kubwa au kama uko ukingoni mwa kukatikiwa. Ni kipimo peke yake kinachoweza kukuambia.

Katika runinga nyingi kipimo hicho kimo kwenye menyu ya kutafuta chaneli, chini ya maneno kama Manual Tuning au Signal Information. Katika ving'amuzi vingi hutokea ukibonyeza kitufe cha INFO mara mbili ukiwa kwenye chaneli. Utaona mistari miwili, mmoja umeandikwa Signal Strength na mwingine Signal Quality. Wa kwanza hupima nguvu ya chochote kinachoingia kupitia waya wa antena katika masafa yale, kiwe ni mawimbi ya runinga, kelele za umeme za taa za LED za bei nafuu au za chaja ya simu. Wa pili hupima jinsi mawimbi yenyewe yanavyosomeka, yaani makosa ni mengi au machache kiasi gani. Picha huishi au kufa kwa mstari wa pili. Wa kwanza hauna maana kubwa ila ukikaribia sifuri, na hapo kwanza shuku waya uliokatika au plagi iliyochomoka.

Nilipoiweka antena ya ndani juu ya kabati, busta ikiwa imewashwa, nilisoma nguvu 88 na ubora 12, na picha haikuwapo. Nilipoitoa busta na kuunganisha waya moja kwa moja, nguvu ilishuka hadi 41, lakini ubora ukapanda hadi 15. Hapo kesi ya busta ilikwisha. Busta hukuza mawimbi na kelele kwa pamoja na kuongeza kelele zake yenyewe juu yake, na mawimbi yaliyoharibika hayatengenezwi kwa kukuzwa. Mahali pake pa halali ni juu ya mlingoti, karibu kabisa na antena, pale waya unapokuwa mrefu sana au unapogawanywa kwa runinga kadhaa. Huko hukuza mawimbi kabla hayajachoshwa na safari ya ndani ya waya.

Niliihamishia antena dirishani na kuisogeza polepole, kiganja kimoja kwa wakati. Urefu wa wimbi la runinga katika masafa hayo ni kama sentimita 60, na mawimbi yaliyogonga kuta yanapokutana na yanayokuja moja kwa moja, huongezana mahali pamoja na kuuana umbali wa sentimita 15 tu kutoka hapo. Ndiyo maana antena ya ndani hushika ikiwa hapa na kukataa ikiwa pale. Nilipata sehemu yenye ubora 35 na picha ikatokea, lakini kila gari lililopita barabarani liliushusha mstari hadi 20, na mtu akisimama karibu na dirisha picha iliganda. Msomaji atambue dalili hiyo: mstari wa ubora unaochezacheza wakati antena imetulia unaonyesha kwamba unakula makombo ya mawimbi yaliyorudishwa na vitu vinavyotembea.

Siikatai antena ya ndani kwa kila mtu. Anayeishi ghorofa ya nne Westlands, mwenye dirisha linalotazama kaskazini magharibi bila jengo mbele yake, ataiweka kwenye kioo na kusoma ubora wa juu uliotulia, na hana sababu ya kupanda paa. Ninachokataa ni kuichagua kwa sababu ya umbali mkubwa ulioandikwa kwenye boksi. Iazime kwa mtu, ichomeke bila busta, usome mstari wa pili kwa dakika kumi. Ukishindwa kuufikisha zaidi ya nusu na kuutuliza hapo, acha kuhangaika na sebule.

Mimi nilinunua antena ya nje ya kawaida, ile ya bomba refu lenye vijiti vilivyopangwa kama mifupa ya samaki, isiyo na busta yoyote. Nilimpa fundi aifunge kwenye mlingoti wa mita nne juu ya paa. Aliielekeza kwa kufuata antena ya jirani, akaondoka. Nguvu ilikuwa 58 na ubora 60, na chaneli nyingi zilionekana vizuri, ila kundi moja la chaneli lilikatika kila jioni. Chaneli hazisafiri moja moja. Hubebwa kwa makundi, na kila kundi lina masafa yake. Antena inaweza kulipokea kundi moja vyema na jingine kwa shida. Kwa hiyo kabla ya kupanda, nilipita kundi kwa kundi nikiandika ubora wa kila moja, nikapata 60, 57 na 34. Hilo la 34 ndilo nililolifungua kwenye skrini wakati wote wa kuelekeza, kwa sababu likitosheka hilo, mengine hutosheka mara nyingi.

Nilitafuta mwelekeo kwa ramani ya setelaiti kwenye simu, wala si kwa dira yake. Dira ya simu hudanganywa na mabati na bomba la chuma, na ukiwa juu ya paa inaweza kukupotosha sana. Nilichora mstari kutoka nyumbani hadi Limuru nikaona unapita juu ya tangi la maji la shamba lililo mita 400 kutoka kwangu. Tangi lile naliona nikiwa juu ya ngazi, na hiyo ikawa shabaha yangu. Antena ya jirani, na yangu kwa kuifuata, ilitazama kulia kwa tangi kiasi cha kutosha kuonekana kwa macho. Kumbuka kwamba vijiti vifupi ndivyo vinavyotangulia kuelekea mtambo, na kijiti kirefu au wavu hukaa nyuma. Vijiti vyote ama vilale sambamba na ardhi ama visimame wima, kulingana na jinsi mtambo wa eneo lako unavyorusha. Ukikosea hapo utapoteza sehemu kubwa ya mawimbi hata ukilenga sawasawa. Kama hujui, jaribu hali zote mbili na uuache mstari wa ubora uamue.

Mwanangu alikaa mbele ya runinga na simu sikioni. Nilizungusha antena kwa kiasi cha upana wa kidole, nikaiachia, nikasubiri sekunde tano. Kusubiri huko ni lazima, kwani kipimo huchelewa, na anayezungusha mfululizo hupita mahali bora kabla namba haijafika kwenye skrini.

"Baba, 58," akasema. Nikasogeza tena. "71. Bado 71. Sasa 72."

Hapo wengi huacha na kukaza nati. Mimi niliendelea kuzungusha kupita hapo mpaka akasema imerudi 60, nikaweka alama ya chaki kwenye mlingoti. Kisha nilirudi upande wa pili, nikapita tena penye 72, mpaka ikashuka 60, nikaweka alama nyingine. Nilikaza nati katikati ya alama hizo mbili. Sababu ni kwamba kilele cha antena ni kipana, na namba haibadiliki sana ukiwa karibu nacho, lakini kwenye kingo hushuka wazi, hivyo kingo mbili hukuonyesha katikati kwa usahihi kuliko kilele chenyewe. Ukiwa karibu na mtambo na ubora unabaki 100 kwa upana mkubwa, njia hii itakusaidia zaidi, kwani kingo bado utazipata pale unapoanza kushuka.

Baada ya kukaza, makundi yalisoma 90, 88 na 72, na nguvu ilikuwa 64 tu, chini sana ya ile 88 ya busta juu ya kabati. Namba hizi ni za runinga yangu. King'amuzi cha jirani kingesoma nyingine kwa mawimbi yale yale, kwa kuwa kila mtengenezaji ana mizani yake. Linganisha kifaa na chenyewe tu.

Niliziandika namba hizo kwenye karatasi na kuibandika nyuma ya runinga. Mvua za masika zilipofika, kundi dhaifu lilianza kusoma 50, na mahali pa kwanza nilipoangalia palikuwa plagi iliyo juu ya mlingoti. Mpira wake ulikuwa umepasuka na maji yameingia kwenye waya. Nilikata kipande cha sentimita 30 kilichokuwa kimegeuka kijani, nikafunga plagi mpya kwa mpira wa kuzuia maji, nikauacha waya uning'inie kidogo chini ya plagi ili matone yadondokee hapo. Antena sikuigusa. Kundi lile lilirudi 72.