Kanuni ya 78: kwa nini anayemaliza mkopo mapema hurudishiwa riba pungufu

Nchini Marekani bado ipo mikopo ya magari na ya matumizi ya nyumbani ambayo riba yake yote hukokotolewa siku ya kwanza, ikajumlishwa na fedha iliyokopwa, kisha jumla hiyo ikagawanywa katika marejesho ya kila mwezi yaliyo sawa. Mkopaji anayefika mwisho wa muda hulipa kilekile alichoandikiwa, na kwake njia ya kuigawa riba hiyo mwezi hadi mwezi haina athari yoyote. Athari hujitokeza pale anapouza gari, au anapopata mkopo nafuu kwingine, akataka kulimaliza deni kabla ya wakati. Hapo ndipo inapobidi kuamua ni sehemu gani ya riba ambayo mkopeshaji hajaifanyia kazi, na kwa hiyo lazima airudishe.

Kanuni ya 78 huamua kwa kuhesabu miezi. Katika mkopo wa miezi 12, mwezi wa kwanza hupewa uzito wa 12, wa pili 11, hadi wa mwisho unaopewa 1. Jumla ya namba hizo ni 78, na ndiko jina lilikotoka. Mwezi wa kwanza hubeba mafungu 12 kati ya 78 ya riba yote, na mwezi wa mwisho fungu moja tu. Kwa mkopo wa miezi 60 hesabu ni ileile, ila jumla ya namba huwa 1,830.

Kuipa miezi ya mwanzo riba kubwa zaidi si kosa, kwa kuwa hata hesabu ya salio linalopungua hufanya hivyo: deni ni kubwa mwanzoni, kwa hiyo riba ya mwanzoni nayo ni kubwa. Kasoro ya kanuni hii ni kwamba uzito wake hushuka kwa hatua zilizo sawa, kana kwamba kila rejesho linapunguza deni lenyewe kwa kiasi kilekile. Mkopo wenye marejesho sawa hauendi hivyo. Sehemu kubwa ya marejesho ya mwanzo humezwa na riba, deni likashuka polepole, na ni mwishoni tu ndipo linaposhuka kwa kasi. Kwa sababu hiyo riba halisi ya miezi ya katikati na ya mwisho ni kubwa kuliko kanuni inavyoikadiria, na kwa kuwa jumla ya riba ni moja, kile ambacho kanuni imeipunguzia miezi hiyo huwa imekihamishia mwanzoni. Anayeondoka mapema anakuwa amelipishwa mwanzo huo uliokuzwa, kisha anarudishiwa mwisho uliopunguzwa.

Tuchukue mkopo wa gari wa dola 12,000 kwa miezi 60, kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, yaani asilimia 1.5 kwa mwezi. Rejesho la kila mwezi ni dola 304.72, na riba yote ni takribani dola 6,283. Riba ya mwezi wa kwanza kwa salio linalopungua ni asilimia 1.5 ya dola 12,000, yaani dola 180 kamili. Kanuni ya 78 inauhesabia mwezi huohuo 60 kwa 1,830 ya riba yote, sawa na dola 206.

Mkopaji huyu akitaka kumaliza baada ya marejesho 24, yamebaki marejesho 36 yenye jumla ya dola 10,970. Sehemu ya riba inayorudishwa kwa Kanuni ya 78 hupatikana hivi, n ikiwa ni miezi yote na r ikiwa ni miezi iliyobaki:

```
r × (r + 1) ÷ (n × (n + 1))
36 × 37 ÷ (60 × 61) = 0.3639
```

Hiyo ni dola 2,287, kwa hiyo atatakiwa kulipa dola 8,683. Kwa salio linalopungua angerudishiwa dola 2,541 na kulipa dola 8,429. Tofauti ni dola 254, nayo haimo mahali popote katika kiwango cha riba alichokubali. Ukikokotoa upya gharama ya miaka yake miwili, utaona kwamba amekopa kwa takribani asilimia 19 kwa mwaka, si 18. Katika mkopo huu pengo huwa kubwa zaidi karibu na mwezi wa 20, yaani theluthi ya kwanza ya muda.

Watetezi wa kanuni hii wana hoja mbili zinazostahili kusikilizwa. Ya kwanza ni kwamba ilibuniwa wakati ambapo karani alikokotoa kwa kalamu, na kwa mikopo mifupi makadirio yake yanakaribia sana ukweli. Hilo ni kweli. Mkopo wa dola 1,200 kwa miezi 12, kwa kiwango kilekile cha riba, ukimalizwa baada ya miezi sita, kanuni hurudisha dola 32.36 na salio linalopungua hurudisha dola 33.31. Kugombania senti hizo ni kupoteza muda. Lakini kalamu ya karani haiwezi kuwa sababu leo, wakati kompyuta ileile inayochapisha mkataba inaweza kutoa salio sahihi la kila mwezi.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: kutoa mkopo kuna gharama za mwanzoni, kama vile uchunguzi wa mkopaji, makaratasi na kamisheni ya muuzaji, na anayeondoka mapema humwachia mkopeshaji gharama ambazo bado hazijarudi. Nakubali kwamba gharama hizo zipo, ila sikubali kwamba mahali pake ni ndani ya kanuni ya kugawa riba. Zikiandikwa kama ada, mkopaji ataziona na kuzilinganisha na za mkopeshaji mwingine. Isitoshe, pengo linalotokana na Kanuni ya 78 halipimwi kwa gharama hizo hata kidogo: hukua kadiri riba inavyopanda na muda unavyorefuka, ilhali makaratasi ni yaleyale.

Muda ukirefushwa sana, kanuni hutoa majibu yasiyokubalika. Dola 12,000 zilezile, kwa asilimia 18 lakini kwa miezi 120, zina rejesho la dola 216.22, na kanuni huuhesabia mwezi wa kwanza riba ya dola 230.52. Mkopaji aliyelipa rejesho la kwanza kwa wakati, akaomba kumaliza siku hiyohiyo, angedaiwa zaidi ya dola 12,000 alizokopa.

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1992 ilizuia hali hiyo kwa kupiga marufuku kanuni hii katika mikopo ya wateja inayozidi miezi 61, na majimbo kadhaa yameikataza hata kwa mikopo mifupi zaidi. Uingereza, iliyoikubali katika kanuni zake za mwaka 1983, iliiacha kwa mikataba mipya kuanzia tarehe 31 Mei 2005. Mpaka wa miezi 61 naona umewekwa mbali mno, kwa sababu mkopo wa miezi 60 tuliouona hapo juu unapita ndani yake pamoja na dola zake 254.

Mkopaji wa Marekani anayetaka kujua amewekwa wapi asome kifungu cha mkataba kinachohusu kulipa mapema. Kikisema kwamba anaweza kurudishiwa sehemu ya gharama ya mkopo, basi riba ilikwisha kujumlishwa tangu mwanzo. Kisha aombe taarifa ya kiasi cha kumaliza deni, ambayo sheria hiyohiyo inamtaka mkopeshaji aitoe ndani ya siku tano, ikionyesha na kiasi cha riba kinachorudishwa. Akigawa kiasi hicho kwa riba yote ya mkataba, akapata namba ileile inayotolewa na r na n zake, atajua kwamba ni Kanuni ya 78 iliyotumika.