"Ndiyo" ya simu isiyofika mlangoni

Kinachonikera katika kuuza mtandaoni kwa mteja anayelipa taslimu baada ya kupokea mzigo si oda bandia, kwa sababu nyingi hujifichua mapema: namba ya simu ina tarakimu pungufu, anwani haina mtaa, au namba ileile imeagiza mara tatu kwa majina tofauti. Hizo nazifuta kabla ya kufunga chochote. Anayeniumiza ni mtu halisi anayepokea simu ya uthibitisho, akakubali bei na siku, kisha akazima simu msafirishaji akiwa mlangoni.

Tuseme kila mzigo una faida ya 100 kabla ya usafirishaji, kuupeleka hugharimu 30 na kuurudisha 30 nyingine. Mizigo 10 ikipokelewa yote, nabaki na 700. Mitatu ikirudi, ile saba hunipa 490 na iliyorudi hula 180, hivyo nabaki na 310, tena bila kuhesabu boksi lililochanika na bidhaa iliyokaa njiani wakati mnunuzi mwingine akiitaka.

Siku hizi siulizi tena kama mteja anathibitisha, maana swali hilo hujibiwa "ndiyo" bila kufikiri. Namwomba anitajie mwenyewe alichoagiza na saa atakayokuwepo akiwa na fedha mkononi. Asubuhi ya kupeleka napiga tena, na asipopokea, mzigo wake hautoki. Aliyewahi kukataa mzigo bila sababu hutanguliza nauli. Kughairi ni haki yake, lakini aniambie kabla mzigo haujaondoka.