Kebo ya Atlantiki inavyoumbua zile aina tatu za ikwesheni

Ukishajua kupiga B^2 - AC kwenye ikwesheni ya derivativu zenye sehemu za juu A u_xx + 2B u_xt + C u_tt unajiona umemaliza, ikitoka hasi ni eliptiki basi mambo yametulia, sifuri ni paraboliki kitu kinasambaa kama joto, chanya ni haipaboliki hapo kuna wimbi. Mi naona hiyo iko sahihi kwa nusu tu.

Nusu yenye ukweli ni hii: aina inakwambia data gani uipe ikwesheni. Chukua Laplace, u_xx + u_yy = 0, afu ilazimishe ianzie mstari wa y = 0 ikienda mbele kama vile y ni muda. Weka pale kosa dogo la 0.000001 sin(20x), ukifika y = 1 kosa limekuwa kama 240! Eliptiki inataka mpaka wote kuzunguka eneo, ukiibania upande mmoja inalipuka, na hapo hakuna ujanja.

Ila sasa njoo kwenye kebo ya telegrafu ya chini ya bahari. Mwaka 1855 William Thomson (yule aliyekuja kuwa Lord Kelvin) aliandika RC u_t = u_xx, ambapo u ni volteji, R ni resistansi na C ni kapasitansi kwa kila mita ya kebo, sio ile C ya mwanzo, nayo ni paraboliki kabisa, ikatoa kwamba kebo ikiwa ndefu mara mbili signo inachelewa mara nne. Baadaye Oliver Heaviside, mtaalamu wa telegrafu, akaongeza indaktansi L, na kama insulesheni haivujishi unapata LC u_tt + RC u_t = u_xx. B^2 - AC sasa ni LC, chanya, yaani haipaboliki, hata L iwe ndogo kiasi gani, kwa sababu hesabu ile inaangalia derivativu za juu tu na R haionekani humo kabisa.

Anayetetea aina atasema Heaviside ndo yuko sawa, maana kwa Thomson ukibonyeza upande wa Ireland volteji inagusa Newfoundland, ng'ambo ya Atlantiki, papo hapo, japo kidogo mno, wakati kwa Heaviside hakuna kinachokwenda haraka kuliko spidi ya 1/√(LC). Kweli, ila huo mbele wa wimbi unafika na nini? Unapungua kwa e^(-Rx/(2Z)), x ni umbali na Z = √(L/C), kwahiyo resistansi ya waya mzima ikiwa mara 20 ya Z kinachobaki ni e^-10, kama 0.00005 ya ulichotuma, na sehemu kubwa ya signo inakuja nyuma ikijikokota kama joto, vilevile alivyosema Thomson. Hata lile sharti la pili la mwanzo ambalo haipaboliki inalidai, yaani u_t, linasahaulika ndani ya muda kama L/R.

Kwahiyo kwangu aina inajibu swali la signo inaweza kufika lini mapema kabisa. Opereta akitaka kujua lini itasomeka, alinganishe resistansi ya waya mzima na Z kwanza, resistansi ikiwa kubwa ikwesheni ya Thomson inamtosha, ikiwa ndogo atumie ya Heaviside.