Skrinshoti ya servisi siyo ratiba, na "andaa laki tano" siyo makisio

Wiki hii tena. Mtu karusha kwenye grupu la wenye magari hapa Tabora skrinshoti ya app inayomkumbusha servisi, mistari miwili imeiva nyekundu, na swali moja chini: "Wakuu, hii itanigharimu shilingi ngapi?" Majibu yakamiminika. "Andaa laki tano." "Peleka kwa fundi, atajua." Mwingine akashauri auze gari. Katika watu wote hao hakuna hata mmoja aliyeuliza gari limetembea kilometa ngapi, wala ni injini gani. Laki tano imetoka wapi? Hewani.

Picha ile ina karibu kila kitu kinachohitajika kutengeneza ratiba ya mwaka mzima, ikiwa na bei. Ila haisomwi kama ilivyo. Tuichukue yenyewe: IST ya kwanza, ile ya kabla ya umbo jipya, injini 1NZ-FE, gia otomatiki. Juu ya picha app imeandika odometa 148,760. Oili ya injini na filta yake zimebakiza kilometa 1,240. Filta ya hewa ni `Overdue` kwa kilometa 3,760. Kuzungusha matairi, 6,240. Plagi, 11,240. Oili ya gia, 12,300. Mafuta ya breki, miezi 5. Na mstari mwekundu kuliko yote: `Timing belt`, `Overdue` kwa kilometa 48,760.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Namba ya "zimebaki" inazeeka kila gari linapowashwa. Kesho siyo kweli tena. Kinachodumu ni namba ya odometa ambayo kazi ile inatakiwa ifanyike, na hiyo unaipata kwa kujumlisha. Ila jumlisha na odometa iliyo kwenye picha, siyo ya dashibodi. App haijui gari limekwenda Sikonge na kurudi. Inajua namba ya mwisho uliyoiingiza wewe. Gari hili dashibodi inasoma 149,410, yaani mwenyewe hajaingiza kilometa 650. Akichukua 1,240 akajumlisha na dashibodi anapata 150,650 na kujiona ana nafasi bado. Akijumlisha na namba ya app anapata 150,000 kamili, na ule ukamilifu wenyewe ni ushahidi kwamba kapatia: oili ilimwagwa 145,000, akaambiwa baada ya elfu tano. Kwa hiyo hajabakiwa na kilometa 1,240. Zimebaki 590.

Zilizopitiliza zinaingia na alama ya kutoa. Filta ya hewa: 148,760 toa 3,760, ilitakiwa 145,000. Zilizoandikwa kwa miezi zibadilishe kwa mwendo wako halisi. Gari hili linakwenda kama kilometa 1,250 kwa mwezi, kwa hiyo miezi 5 ni 6,250, na mafuta ya breki yanaangukia 155,010. Hiyo ya breki iandikie na tarehe pembeni, maana mafuta ya breki hunyonya unyevu hata gari likiwa limeegeshwa tu, na kinachotangulia kati ya tarehe na kilometa ndicho kinachofuatwa.

Kwenye Excel au jedwali la Google ni fomula mbili. Weka odometa ya picha G1, odometa ya servisi ijayo (150000) G2, na kilometa zilizobaki safu ya B:

```
C2: =$G$1+B2
D2: =MAX($G$2,FLOOR(C2,5000))
```

C ni mwisho wa kazi ile. D inairudisha nyuma mpaka servisi ya elfu tano iliyo karibu, kwa sababu hakuna anayelaza gari gereji mara saba kwa mambo saba. Inarudisha nyuma, haisogezi mbele, isipokuwa zilizokwisha kupitiliza, hizo zinaingia servisi ijayo. Oili ya gia ya 161,060 inakwenda 160,000. Usiandike "km" ndani ya seli, utaletewa `#VALUE!`. Na kama app yako inaonyesha `mi`, hizo ni maili; zidisha kwa 1.609 kwanza. Wale wanaoacha simu inyofoe maandishi kutoka kwenye picha, sawa, ila mara nyingi inasoma majina yote kwanza halafu namba zote, mistari inahama, na lile neno jekundu linapotea kabisa, deni la kilometa 3,760 linageuka akiba. Mistari saba andika kwa mkono jamani.

Sasa ule mstari mwekundu. IST ya 1NZ-FE haina belti ya taiming. Ina cheni. Haina ratiba ya kubadilishwa kwa kilometa. Inakaa ndani ya injini, inalainishwa na oili ileile ya injini, na kinachoiua ni oili iliyochakaa au iliyopungua. App imeweka mstari ule kwa sababu orodha yake ni ya magari yote duniani, wala haikuuliza una gari gani. Na ndio uliowatisha watu wakasema laki tano! Fundi atakayekutajia bei ya belti ya taiming ya gari hili, mwambie kwa heshima zote akuonyeshe hiyo belti. Atakuonyesha ile ya nje inayozungusha altaneta, ambayo ni kitu kingine na bei nyingine. Namna ya kutofautisha: injini ya belti ina kifuniko cha plastiki upande wa taiming, ya cheni ina kifuniko cha chuma kilichozibwa kwa gundi, maana ndani kuna oili. Cheni iliyolegea inajisema yenyewe asubuhi, injini ikiwa ya baridi, kwa mlio wa kukwaruza upande ule unaopungua injini ikipata oili.

Haya, nikubali kidogo. Kwa mwenye Noah ya zamani ya 3S-FE, au Hiace ya dizeli ya 1KD, belti ipo kweli, na mstari huohuo unakuwa wa kwanza kwenye ratiba, kabla hata ya oili. Kwa hiyo fungua boneti, soma kibati cha gari palipoandikwa `ENGINE`, halafu ndio uanze kufuta mistari.

Filta ya hewa nayo app imeipa elfu ishirini, ambayo ni sawa kwa mtu wa lami tupu. Kwa gari linaloingia vijiji vya Uyui na Kaliua kiangazi, kuanzia Mei mpaka Oktoba, ipe elfu kumi na uifungue kuitazama kila servisi. Usiitazame upande mchafu tu, huo utakuwa mchafu siku zote. Toa filta, pitisha kidole kwenye bomba linalokwenda injini. Kidole kikitoka na vumbi jekundu, filta imechanika au haikukaa vizuri kwenye boksi, na mchanga ule unakwenda kusaga ringi. Huu ndio mwisho wa tabia ya kupuliza filta kwa upepo wa fundi tairi kila wiki: pua ya mpira inasogezwa karibu, upepo unapigwa kutoka nje, karatasi inatoboka vitundu usivyoviona. Ukilazimika kupuliza, pulizia kutoka ndani kwenda nje, kwa mbali.

Tuje kwenye pesa. Kosa la kila makisio ya grupuni ni kuchanganya kiasi na bei. Kiasi hakibadiliki: 1NZ-FE inachukua oili lita 3.7 pamoja na filta, yaani galoni moja ya lita nne, basi, na anayekuuzia galoni na nusu anajua anachofanya. Plagi ni nne. Oili ya gia ukifungua nati ya chini inatoka kama lita tatu, nyingine inabaki ndani, kwa hiyo nunua kwa lita zinazotoka, siyo ujazo wote. Aina ni ile iliyoandikwa kwenye kijiti cha kupimia: gari hili ni T-IV. IST mpya ya CVT ni oili nyingine kabisa, na kuchanganya hapo ni kununua gia. Bei ndiyo inayobadilika, basi iwekee safu yake. Nilizotumia hapa ni za mfano; futa, weka za duka unalonunua, na kama kifaa kinatoka Kariakoo kwa basi, ongeza na nauli ya mzigo.

Oili 60,000, filta yake 10,000, ufundi 10,000: kila servisi inaanza na 80,000. Kwenye 150,000 ongeza filta ya hewa 20,000, jumla 100,000. Kwenye 155,000 ongeza mafuta ya breki na ufundi wake 30,000, kuzungusha matairi 10,000: 120,000. Kwenye 160,000 ongeza plagi nne 48,000 na ufundi 10,000, oili ya gia lita tatu 54,000 na ufundi 10,000, filta ya hewa tena 20,000: 222,000.

Hiyo ya mwisho ni nzito. Hapo watu husukuma oili ya gia mbele "mpaka mambo yakae sawa". Irudishe nyuma badala yake, ifanyike 155,000. Sasa una 100,000, kisha 184,000, kisha 158,000. Jumla ni ileile, 442,000, ila hakuna siku inayokukaba.

Ndio, iko karibu na laki tano ya grupuni, najua mtanicheka. Tofauti ni kwamba ile ilikuwa ya kulipwa wiki hii, na ndani yake kulikuwa na belti isiyokuwepo. Hii inataka 100,000 ndani ya kilometa 590, yaani kama wiki mbili. Zile 342,000 zinabaki kugawanywa kwenye kilometa elfu kumi, ambazo kwa mwendo wa gari hili ni miezi minane: karibu 43,000 kwa mwezi.

Pedi za breki sikuziweka, na app pia haikuziweka. Haziendi kwa kilometa, zinapimwa kwa unene matairi yakifunguliwa kuzungushwa. Zikiwa zimebaki milimita tatu, ziingize kwenye servisi inayofuata. Na kabla ya yote hayo ingiza 149,410 kwenye app, la sivyo skrinshoti ya mwezi ujao itakuwa na uongo uleule.